Barua ya Ruhusa Isiyo na Tarehe ya Kurudi

Mwaka jana dada yangu alipoteza kazi kwa sababu ya tarehe moja. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa nia njema: tarehe 5 Mei. Alikuwa anaomba ruhusa ya kumsindikiza kaka yetu India kwa matibabu, na tajiri wake alimwuliza swali ambalo kila mwajiri angeuliza: "Utarudi lini?" Dada hakujua. Lakini aliona aibu kusema hajui, akaandika tarehe.

Nimeliwaza jambo hili kwa miezi mingi, darasani na kanisani, na nimefikia maoni ambayo ningependa wasomaji wa gazeti letu wayapime. Nadhani swali "utarudi lini" ndilo linaloharibu ruhusa za aina hii. Mwajiri na mfanyakazi wangeelewana vizuri zaidi kama wangeulizana, "Tutaangaliana tena lini, na siku hiyo utaniletea nini?" Ili nieleweke, nitaeleza kwanza kilichotupata.

Kaka yetu mkubwa ni mkulima wa mpunga, huku kwetu Rujewa. Aliugua saratani ya damu. Dawa za awali zilimsaidia, lakini madaktari walituambia kwamba ugonjwa wa namna yake hurudi, na kwamba tumaini kubwa zaidi lilikuwa kupandikizwa uloto kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Damu zetu zilipimwa. Dada hakulingana, mimi nililingana. Hospitali ikapatikana India. Habari ya fedha naiacha. Anayejua bei ya shamba la mpunga Mbarali, na anayejua jumuiya ndogondogo zinavyochanga, anaweza kukisia mwenyewe.

Kwa hiyo tuliomba ruhusa watu wawili. Mimi niliomba kwa Baba Gombera, kama mtoaji wa uloto. Dada, ambaye alikuwa mtunza hesabu katika mashine ya kukoboa mpunga, aliomba kwa tajiri wake, kama msindikizaji. Barua zetu zilifanana sana, lakini hatukujua kwamba tunaomba vitu viwili tofauti kabisa.

Kazi ya mtoaji ina mwisho unaojulikana. Nilifika India tarehe 12 Machi. Nilipimwa, nikachomwa sindano kwa siku tano ili chembe zinazozaa damu zitoke kwenye mifupa na kuingia kwenye mishipa. Kisha nilikaa kwenye kiti karibu na mashine iliyochukua damu mkono mmoja, ikachuja chembe hizo, ikarudisha damu mkono wa pili. Ilichukua saa chache tu. Siku hiyohiyo, tarehe 26 Machi, kaka alitundikiwa mfuko wa chembe zangu kama mtu anayeongezewa damu. Tarehe 3 Aprili nilikuwa kwenye ndege. Niliomba wiki nne, nikatumia zisizofika nne, na Baba Gombera akanisifu kwa kutunza neno langu. Sikustahili sifa. Niliweza kutunza neno kwa sababu mwili uliohesabiwa ulikuwa wangu, nao ulikuwa mzima.

Msindikizaji anahesabu kwa mwili wa mgonjwa. Madaktari wa upandikizaji huiita siku ya kupokea uloto siku ya sifuri, na kila kitu huhesabiwa kutoka hapo. Kabla yake kuna wiki moja hivi ya dawa kali zinazofuta uloto wa zamani. Baada yake kuna wiki mbili hadi nne za kungoja uloto mpya ushike, na katika muda huo mgonjwa hana kinga yoyote. Wanajua umeshika pale ambapo chembe nyeupe za aina inayopambana na bakteria zinapovuka 500 katika tone lile dogo wanalopima maabara, na kubaki hapo siku tatu mfululizo. Halafu mgonjwa hutoka wodini, lakini haendi nyumbani. Hukaa chumba cha kupanga karibu na hospitali, akirudi kupimwa mara mbili tatu kwa wiki, kwa kawaida hadi siku ya mia moja. Muda wote huo wanataka awe na mtu mzima mmoja wa kupika chakula safi, kuhesabu vidonge, kupima joto la mwili, na kumkimbiza hospitali hata usiku wa manane likipanda. Huyo mtu alikuwa dada.

Utaona kwamba hatua zote zinajulikana, hata kwa idadi ya siku. Kisichojulikana ni kama mgonjwa ataivuka kila hatua kwa wakati wake. Kwetu mambo mawili yalikataa kufuata kalenda.

La kwanza lilitokea kabla hata ya siku ya sifuri. Wakala aliyetupangia safari alimwambia dada, "Miezi mitatu inatosha," na ndipo ilipotoka ile tarehe 5 Mei. Dada na kaka walifika India tarehe 6 Februari, na siku ya sifuri ilikuwa imepangwa mwisho wa mwezi huo. Lakini vipimo vilionyesha kwamba saratani ilikuwa imeanza kuchungulia tena. Hospitali haipandi uloto mpya juu ya ugonjwa ulioamka. Ikabidi kaka apewe duru nyingine ya dawa na kungoja damu yake ipande, na siku ya sifuri ikasogea hadi 26 Machi. Mtu yeyote mwenye kalenda angejua siku hiyohiyo kwamba siku ya mia moja sasa ni tarehe 4 Julai. Dada alijua. Lakini hakumwandikia tajiri, kwa kuwa alitumaini kaka atapona haraka kuliko wengine. Hapo alikosea, na mwenyewe anakiri.

La pili lilikuja karibu na siku ya arobaini. Kaka alitokwa na vipele vyekundu kwenye viganja na nyayo, kisha akaanza kuharisha. Ni uloto wangu mimi uliokuwa unaushambulia mwili wake, kwa sababu kinga ile mpya iliuona mwili wake kama mgeni. Tatizo hili linafahamika sana na lina dawa, lakini dawa yenyewe hupunguzwa polepole kwa wiki nyingi, na ikipunguzwa haraka vipele hurudi. Siku ya arobaini ilikuwa tarehe 5 Mei. Siku ambayo dada aliahidi kuwa mezani kwake Rujewa, alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali akiandika kwenye daftari kaka ameharisha mara ngapi.

Sasa tutazame upande wa mwajiri, maana naye hakuwa mtu mbaya. Alimpa dada likizo yake ya mwaka yenye malipo, siku 28, kisha akakubali ruhusa bila malipo hadi 5 Mei. Lakini Mei huku kwetu ni mavuno. Magunia yanaingia mashineni usiku na mchana, na mtunza hesabu ndiye anayejua mzigo ni wa nani na nani amelipwa. Dada alimtumia ujumbe wa simu: "Bosi, naomba wiki moja tena." Baada ya wiki hiyo akaomba nyingine. Mwajiri hawezi kutafuta mtu wa kushika nafasi kwa wiki moja moja. Kama angeambiwa mwezi Machi kwamba ni hadi Julai, angejipanga. Katikati ya Mei aliandika barua ya kumwachisha kazi kwa utoro.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, ilimpa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Soma tena polepole. Mtoto akiugua, umo. Ndugu au mzazi akifa, umo. Ndugu au mzazi akiugua, kifungu hicho kimenyamaza. Kaka yetu angekufa, dada angepata siku nne za kumzika. Kwa kuwa aliishi, hakuwa na hata moja ya kumuuguza. Ziko siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miaka mitatu, lakini hizo ni za mfanyakazi anapougua yeye mwenyewe. Kinachobaki kwa msindikizaji ni likizo yake ya mwaka, na baada ya hapo makubaliano.

Makubaliano hayo yakivunjika, hatari huja haraka. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa au bila sababu inayokubalika, kuwa kosa kubwa linaloweza kuhalalisha kuachishwa. Maneno "sababu inayokubalika" yanampa mfanyakazi nafasi ya kujitetea, lakini lazima awepo wa kuisema. Na anayedai kuwa ameachishwa isivyo haki anatakiwa kupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Barua ya dada ililetwa nyumbani. Mama aliipokea, akaisoma, akaificha chini ya godoro ili asimwongezee binti yake mzigo. Dada aliiona mwisho wa Julai, siku alipoteremka kwenye basi. Siku 30 zilikuwa zimepita zamani. Ilibidi aombe kwanza kuongezewa muda, akionyesha barua za hospitali na mihuri ya pasipoti, na mwishowe wakapatana mbele ya msuluhishi: alilipwa stahili zake, lakini kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Kuna jambo moja katika safari ile ambalo lilinifungua macho. Viza ya msindikizaji wa mgonjwa, ile inayoombwa mtandaoni na kuitwa e-Medical Attendant Visa, haikumtaka dada aahidi siku ambayo kaka atapona. Ilimpa siku 60 tangu kufika. Siku hizo zilipokaribia kuisha, mwanzoni mwa Aprili, aliingia kwenye mfumo wa e-FRRO akaomba kuongezewa, akiambatisha barua ya hospitali inayosema mgonjwa yuko hatua gani na kwa nini bado anahitajika. Wakamwongezea kwa muda mwingine wenye mwisho. Serikali ya nchi ya kigeni, isiyomjua dada wala kumpenda, ilikuwa na njia ya kuishi na tarehe isiyojulikana. Ilimpa muda mfupi wenye mwisho, ikadai ushahidi, kisha ikaamua upya. Hakuna aliyeitwa mwongo, kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kutabiri.

Hivyo ndivyo ninavyopendekeza ruhusa hizi ziombwe na zitolewe. Dada angeandika hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, naomba ruhusa ya kumsindikiza kaka yangu kwa upandikizaji wa uloto. Hospitali imeandika hatua nne: vipimo, wiki mbili, dawa za maandalizi, wiki moja, kungoja uloto ushike, wiki mbili hadi nne, uangalizi wa karibu hadi siku ya mia moja. Kila hatua inaweza kurefuka. Siku 28 za kwanza naomba ziwe likizo yangu ya mwaka, na zinazofuata ziwe bila malipo. Kila tarehe moja ya mwezi nitakutumia barua ya daktari inayotaja hatua tuliyofika, nawe utaniambia kwa maandishi kama ruhusa inaendelea. Siku ya sifuri ikisogea, nitakujulisha ndani ya siku tatu. Miezi sita ikifika kabla sijarudi, tukae tuamue upya kuhusu nafasi yangu. Mdogo wangu, aliyeko seminarini, atapokea barua zote kwa niaba yangu."

Angalia barua hiyo inavyomsaidia tajiri. Anaona mwanzoni kabisa kwamba jumla ya hatua ni zaidi ya miezi minne, kwa hiyo hadanganyiki na miezi mitatu ya wakala. Anajua mapema kwamba mavuno yatamkuta bila mtunza hesabu, na anatafuta mtu wa kipindi chote. Ana kikomo cha miezi sita, kwa hiyo hajafungwa milele. Na dada naye ana karatasi yenye saini kwa kila mwezi, hivyo hakuna siku hata moja atakayoitwa mtoro. Sentensi ya mwisho, ile ya mtu wa kupokea barua, inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyokosekana pale Mama alipoficha bahasha.

Najua pingamizi. Wapo watakaosema ruhusa ya namna hii italeta ujanja, watu watajificha nyuma ya wagonjwa. Nadhani ni kinyume. Anayetaja tarehe moja anadai aaminiwe kwa miezi mitatu bila kuulizwa kitu. Anayepangiwa kupimwa kila mwezi anatakiwa kuleta barua ya hospitali kila mwezi, na barua ya hospitali ina hatua inayoweza kuthibitishwa. Mjanja angechagua ile ya tarehe moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linanihusu mimi. Kwa nini lazima awe mtu mmoja? Kwa nini tusipokezane? Katika wiki za kungoja uloto ushike, wodi haitaki wageni wapya, na inafaa abaki yule aliyezoea. Lakini kaka alipokuwa chumba cha kupanga, ningeweza kumpokea dada. Viza za wasindikizaji ni hadi wawili kwa mgonjwa mmoja. Likizo yetu ndefu ilikuwa inakaribia. Sikuomba. Nilikuwa nimeshatumia ruhusa yangu, nimesifiwa kwa kurudi kwa wakati, na nilikuwa na mitihani. Nilijiambia kwamba kutoa uloto kumetosha. Kumbe familia yetu ilikuwa na watu wawili wenye ruhusa, na tuliutumia muda wa yule ambaye muda wake ulikuwa mshahara. Ukoo unaopanga safari kama hii uandike kwenye karatasi ileile ya michango ni nani atampokea nani baada ya hatua gani.

Hatukuwa wa kwanza kukutwa na haya. Wengi wanakumbuka ajali ya basi la wanafunzi wa Lucky Vincent, Karatu, tarehe 6 Mei 2017. Watoto watatu waliookoka walipelekwa Sioux City, Marekani, wakiwa na mama zao, daktari na muuguzi. Waliondoka katikati ya Mei, wakarudi Agosti. Katika watatu hao, mmoja aliyeumia uti wa mgongo alihitaji kuhamishiwa hospitali ya mazoezi ya viungo katika jimbo jingine. Nani angeweza kuwaambia mama wale, uwanjani Kilimanjaro, tarehe ya kurudi? Wakati ule nchi nzima ilikuwa inatazama, na hakuna aliyeona ajabu kwamba hawaijui. Mtunza hesabu wa Rujewa hana nchi nzima nyuma yake, lakini hali yake ni ileile.

Muhula huu tunasoma Maadili ya Aristotle. Katika kitabu cha tano anasema sheria hunena kwa ujumla, na mambo mengine hayaneneki kwa ujumla. Anatoa mfano wa wajenzi wa Lesbos, waliopima mawe kwa rula ya risasi, ambayo hujipinda kufuata umbo la jiwe. Darasani wengine walicheka: rula inayopinda inapima nini? Lakini rula ile bado ni rula. Ina mwanzo na mwisho, na inagusa jiwe kila mahali. Ruhusa inayopimwa kila mwezi ni ya namna hiyo, nayo ni kali kuliko ile ya tarehe moja, kwa sababu inaugusa ukweli mara nyingi zaidi.

Kaka yu hai. Mwaka huu ameingia shambani tena, kwa saa chache, akiwa na kofia pana kwa sababu jua linaamsha vipele. Dada anatunza hesabu za duka la pembejeo kwa nusu ya mshahara wa zamani. Juzi nilimwonyesha rasimu ya barua hii. Akaisoma, akanirudishia, akasema, "Ongeza kwamba niliogopa kuonekana sijui. Wengine wasiogope."